Jibu Baya Linawalipa

Kwa meneja wa huduma kwa wateja,

Nimelipa ankara yenu ya Agosti, shilingi 11,480, kwa sababu mlitishia kuzima roboti yenu kwenye WhatsApp ya duka langu mwisho wa mwezi, siku ambazo nusu ya Umoja inajaza gesi. Lakini kulipa si kukubali. Hizo pesa nazitaka, na nitawaonyesha zilivyohesabiwa.

Tuanze na bei. Tangu tarehe 1 Julai, kujaza mtungi wa kilo 13 kwangu ni shilingi 3,150. Roboti yenu bado inawaambia watu 2,850, ile bei ya Januari. Nimelalamika mara tatu, na mara tatu mmenijibu kwa neno moja: "Tumerekebisha." Basi nilichukua simu ya dada yangu nikaijaribu mwenyewe. Nikiuliza kama mtu wa ofisini, "Bei ya kujaza gesi ya kilo 13 ni ngapi?", napata 3,150. Nikiuliza kama mtu wa hapa mtaani, "Ule mtungi mkubwa mnajaza na ngapi?", napata 2,850, tena naongezewa kiwashio cha bure!

Hicho kiwashio ndicho kinachowaumbua. Ofa hiyo niliiandika mahali pamoja tu, kwenye faili ya `bei_januari.pdf`, ambayo niliifuta siku ileile niliyopakia `bei_julai.pdf`. Kwenye ukurasa wa mipangilio haionekani tena. Kwa hivyo roboti imekitoa wapi? Jina la faili mmelifuta, lakini maneno yake yamebaki kwenye ghala ambamo roboti hutafuta majibu. Yenyewe haijui Januari wala Julai. Inachukua sentensi inayofanana zaidi na swali. Ile karatasi ya zamani niliiandika kwa lugha ya mtaa, "mtungi mkubwa", "mtungi mdogo", ndiyo maana anayeuliza kimtaa anaangukia bei iliyokufa. Na wateja wangu wengi huuliza hivyo. Hebu acheni kuniambia eti roboti "inaendelea kujifunza". Futeni maneno ya Januari kwenye ghala, halafu mjaribu maswali yote mawili mbele yangu.

Mnanikumbusha pia kwamba mkataba unasema roboti inaweza kukosea. Sawa. Lakini mteja wangu hakutia sahihi huo mkataba. Februari 2024, baraza moja la usuluhishi huko British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe abiria aliyepotoshwa na roboti ya tovuti yake kuhusu nauli ya waliofiwa. Kampuni ilijitetea kama kwamba roboti ni mtu mwingine anayejibebea makosa yake. Baraza likakataa. Mimi sikungoja kushtakiwa: watu 19 walioahidiwa 2,850 niliwajazia kwa 2,850. Shilingi 300 mara 19 ni 5,700, na zimetoka mfukoni mwangu, si mwenu.

Sasa ankara. Tulikubaliana 6,000 kwa mwezi kwa mazungumzo 1,000, na kila yanayozidi ni shilingi nne. Mmenihesabia 2,370. Nilipakua kumbukumbu zote nikakaa nazo usiku mzima, na mazungumzo yaliyoanzishwa na wateja ni 1,010. Mengine yametoka wapi? Mazungumzo yenu hufungwa baada ya saa 24. Halafu kesho yake, saa hizo zikishapita tu, roboti inamtumia mteja, "Je, umeridhika na huduma yetu?" Hapo yanafunguka mapya, hata mtu asipojibu. Hiyo ni 1,010 nyingine, kwa ujumbe ambao sikuuomba, na kitufe cha kuuzima hakuna. Zilizobaki 350 ni pale roboti inaposhindwa, inaandika "Nakuunganisha na mhudumu", nanyi mnahesabu upya. Mhudumu mwenyewe ni nani? Si ni mimi! Mnanitoza kwa kuongea na mteja wangu kwa mdomo wangu.

Katika hizo 350, 212 ni watu wanaouliza mbona bei ya roboti si bei ya mtu wa boda aliyeleta mtungi. Yaani roboti ikijibu vizuri, mnapata mazungumzo mamoja. Ikikosea, mnapata mawili, na kwa vyovyote vile kesho yake mnaongeza la kuuliza kama tumeridhika. Sisemi mnakosea makusudi. Nasema hakuna mtu ofisini kwenu anayepoteza hata shilingi kwa bei ya Januari kubaki pale, na labda ndiyo maana imebaki.

Hesabu halali ya Agosti ni 6,000 na shilingi 40 za yale kumi yaliyozidi. Nirudishieni 5,440 kwa M-Pesa, si "salio la mwezi ujao", kwa sababu mwezi ujao haujulikani. Zile 5,700 za wateja tutazizungumza tukikutana. Ule ujumbe wa kesho yake uzimeni leo. Nimewapa hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Baada ya hapo naitoa roboti kwenye namba yangu, na wateja watajibiwa na binti wa dukani, ambaye niliposema gesi imepanda alisikia mara ya kwanza.

Mwenye duka la gesi, Umoja, Nairobi