Usiuze bolti kwa picha ya kichwa peke yake

Wenzangu wa spea na vifaa, hasa sisi wa Katoro tunaohudumia makarasha na mashimo ya huko vijijini, leo naongea nanyi kuhusu picha za Wasapu. Mteja yuko Nyarugusu, karasha imesimama, anapiga picha ya bolti karibu kabisa mpaka kichwa kinajaa skrini, anaandika: "Bosi, nahitaji nne kama hii, spana 19. Mpe boda." Wengi wetu tunampa boda. Mimi nasema tuache huo mtindo, na nitawaambia ulivyonigharimu.

Mteja wangu alituma picha ya namna hiyo. Kichwa cha pembe sita, spana 19. Kwenye akili ya muuza duka spana 19 ni M12, yaani bolti ya unene wa milimita 12. Nikampa boda bolti nne za M12 zilizogongwa 8.8 kichwani, mzigo mzuri kabisa, nikalala usingizi. Kumbe bolti yake ilikuwa ya nusu inchi. Kichwa cha nusu inchi ni robo tatu ya inchi, ambayo ni milimita 19.05, kwa hiyo spana 19 inakaa bila shida. Kwa spana huwezi kuzitofautisha hata kidogo.

Bolti hizo zilikuwa zinaingia kwenye chuma chenye uzi wake, pale panaposhikilia nyumba ya beringi. M12 ni nyembamba kuliko nusu inchi, kwa hiyo ikaanza kuingia vizuri, raundi mbili tatu, halafu ikabana kwa sababu meno hayalingani. Fundi akadhani ni kutu. Akachomeka bomba kwenye spana akakaza. Uzi wa ndani ukachanika kwenye matundu mawili. Ikabidi watafute mtu wa kutoboa upya na kuweka uzi mkubwa zaidi, na karasha ikalala siku mbili na mawe ya watu yakiwa yamepangwa foleni. Nilirudisha hela ya bolti na nusu ya gharama ya fundi. Kuna wenzangu walinicheka, wakasema kosa ni la fundi aliyelazimisha. Siyo. Fundi alikosea la kwake, lakini mimi ndiye niliyesema "hii naijua" wakati sikuwa naijua.

Kinachouma zaidi, jibu lilikuwa kwenye picha. Nilipoikuza baadaye niliona mistari mitatu mifupi imetokea katikati ya kichwa kwenda pembeni. Mwanzoni nilidhani ni mikwaruzo. Mistari hiyo ndiyo alama ya bolti za inchi: mitatu ni gredi 5, sita ni gredi 8. Bolti za milimita kwa kawaida hazitumii mistari, zinagongwa namba kama 8.8 au 10.9. Kwa hiyo ukiona mistari ya namna hiyo, kabla hata ya kufikiria nguvu, ujue huenda umehama kwenye milimita. Na angalieni mtego: gredi 5 na 8.8 nguvu zake zinakaribiana sana. Kwa nguvu nilikuwa sahihi. Kwa uzi nilikuwa nje kabisa.

Sasa hivi kabla sijatoa bolti ya mashine naomba picha mbili. Ya kwanza ni ya kichwa, lakini kimesafishwa kwa brashi na dizeli kidogo, na tochi imulike kwa ubavuni, siyo kwa juu. Mwanga wa juu unafuta alama, wa ubavuni unazipa kivuli. Kama alama imefifia, paka chaki juu yake kisha futa kwa kidole, chaki itabaki kwenye mikato.

Ya pili ndiyo inayomaliza ubishi: bolti imelala kando ya rula ya mwanafunzi, imepigwa kwa ubavu ili meno yaonekane. Mimi nahesabu nafasi kumi kutoka jino hadi jino. Hesabu nafasi, siyo meno, maana nafasi kumi zina meno kumi na moja, na hapo ndipo watu wanapotea. M12 ya kawaida nafasi kumi zinachukua milimita 17.5. Nusu inchi ya kawaida, yenye meno 13 kwa inchi, zinachukua kama 19.5. Tofauti ni milimita mbili nzima. Ikisoma 12.5, hiyo ni M12 ya uzi mwembamba, utaikuta sana kwenye magari ya Kijapani. Na hizo za Kijapani nazo zina lao: M12 yao mara nyingi ina kichwa cha spana 17, wakati spana 17 kwa bolti nyingi za dukani ni M10. Ndiyo maana namba ya spana nimeacha kuiamini.

Ila rula nayo inadanganya mteja akipiga kwa karibu mno. Bolti imenyanyuka kidogo juu ya rula, kwa hiyo iko karibu zaidi na simu na inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Simu ikiwa sentimita 10 tu, ile 17.5 inaweza kusomeka 18.5, hapo hujui uende M12 au nusu inchi. Mwambie arudi nyuma, kama urefu wa mkono kuanzia kiwiko, kisha aikuze picha. Nyie mnaopenda kusema "piga karibu nione vizuri", mnajiharibia wenyewe.

Kwenye namba za kichwa nako tusiwe wepesi. M12 ya 8.8 inapaswa kuvumilia mvuto wa karibu tani 6.9 kabla ya kukatika. Ya 4.6 ni karibu tani 3.4, nusu yake, na ukiziweka mezani zinafanana. Kama kichwa hakina alama yoyote, mimi naihesabu kuwa laini, na kama inakwenda sehemu inayotikisika kama karasha namwambia mteja wazi. Akisema "nipe tu ya bei rahisi", namuuliza inakwenda wapi. Kwa kufunga mlango wa banda, sawa. Kwa beringi, simpi.

Nati peke yake kwenye picha ni kazi bure, uzi uko ndani. Namwomba bolti yake, au aijaribishe kwa bolti anayoijua: lazima iende kwa vidole mpaka mwisho bila kubana na bila kuchezacheza. Skrubu za mbao na bati sina neno nazo, ukikosea utarudishiwa tu.

Najua mtakachosema: ukimsumbua mteja kwa maswali anahamia duka la jirani. Wengine wamehama kweli. Yule wa Nyarugusu bado ananunua kwangu, na siku hizi hata simwombi tena. Juzi kanitumia bolti imelala kwenye rula juu ya gunia, chaki kichwani, kaandika chini yake: "Bosi, nimehesabu kumi, 17 na nusu. Usinipe ya inchi."