Kujibu, Kufuta au Kupuuza

Tuseme mchonga vinyago Mmakonde wa Msambweni ameweka picha ya kazi yake Facebook, na mtu akaandika chini yake: "Rudini kwenu Msumbiji." Kabla hajagusa chochote, aulize neno hilo linafanya nini. Likiwa ni ujinga, jibu moja fupi linatosha: Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016, na mwaka uliofuata serikali ikawatambua kuwa kabila la 43 la Kenya. Jibu hilo ni la wateja wanaosoma kimya, kwa hiyo mabishano yasiendelee. Likiwa ni tusi tupu, alifute, kwani likifichwa tu, mwandishi wake na marafiki zake bado wataliona. Lakini likiwa ni tishio, kwa mfano "tutawachomea nyumba", asilifute kwanza, wala asilipuuze. Pwani ya kusini inakumbuka Agosti 1997, wabara walipotakiwa kuondoka Likoni na Kwale, kisha watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Apige picha ya skrini inayoonyesha jina, tarehe na maneno yote, anakili kiungo, kisha aripoti polisi au Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Sheria ya mwaka 2008 inaadhibu uchochezi wa chuki za kikabila kwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Anayefuta kabla ya kuhifadhi hupoteza ushahidi wake mwenyewe.