"Endelea Tulipoishia" Ipi, Dada? Hamkuishia Popote!

Wadau, leo hatupakani mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna mdada wa maudhui hapa mjini, jina kapuni, wafuasi kibao. Kapandisha video yake ya Wahadzabe wa Yaeda Chini, watu wakamshukia kama mwewe. Utetezi wake? Eti "akili mnemba imenisahau, imeniharibia kazi." Na team yake nayo imekubali, inaitukana mashine kana kwamba ni ex wake.

Hapana. Mashine haikukusahau, mama. Haikuwahi kukujua.

Tuanze na kilichotokea. Usiku wa kuamkia safari alikuwa Mbulu mjini, kakaa na simu yake anaandaa skripti ya sehemu saba kwa msaada wa akili mnemba. Alijipanga vizuri, tumpe haki yake. Alibandika maelezo yote aliyopewa na mwenyeji wake wa kule, pamoja na masharti matatu: sura za watoto zisionekane, epeme isirekodiwe, na mahali penye mizinga ya nyuki pasitajwe. Epeme kwa asiyejua ni ngoma yao takatifu, inachezwa usiku wa giza usio na mwezi. Hadi analala, sehemu nne zilikuwa tayari.

Kesho yake kashuka bondeni, simu ikaisha chaji. Akachukua simu ya mpiga picha wake, yenye akaunti nyingine kabisa, akafungua chati mpya na kuandika: "Endelea tulipoishia, sehemu ya tano ya Wahadzabe." Ikaja sehemu ya tano, tamu, imenyooka. Ya sita ikaja, na ya saba. Akasoma mbele ya kamera, akaposti.

Kasheshe sasa. Sehemu ya tano inasema Wahadzabe wanahama wakifuata malisho ya ng'ombe wao. Ng'ombe gani? Hawa ni watu wa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kuokota ubuyu. Wafugaji wa bonde lile ni majirani zao Wadatoga. Sehemu ya sita inasema lugha yao ni tawi la lugha za Wasan wa Kalahari, kisa zote zina sauti za kubofya ulimi. Kihadza kimesimama peke yake, wataalamu hawajakithibitishia ndugu popote. Ya saba ndiyo mbaya kuliko zote: inamtambulisha mtoto, sura yake kwenye skrini nzima, na kuelekeza watazamaji kwenye mbuyu wenye nyuki. Masharti mawili kati ya matatu yamevunjwa. Halafu tunaambiwa mashine imesahau!

Sikiliza jinsi hiki kitu kinavyofanya kazi. Kila unapobonyeza kutuma, apu inapeleka mazungumzo yote ya chati ile, tangu meseji ya kwanza hadi ya mwisho. Mashine inayasoma yote upya, inaandika jibu, basi. Ukiona kama inakukumbuka, ni kwa sababu maneno yako ya mwanzo yapo pale pale juu na yamesomwa tena. Chati mpya haina kitu juu. Yule dada alipotuma meseji yake, kilichofika ni maneno yale tu. Sehemu nne hazikufika. Masharti matatu hayakufika. Mashine iliona neno "Wahadzabe" na "sehemu ya tano", ikatunga sehemu ya tano inayofanana na vitu vingi vilivyoandikwa kuhusu makabila ya Afrika. Ndiyo maana ng'ombe wakaingia.

Najua mtaniambia, "Mbona yangu inanikumbuka?" Kweli, baadhi ya apu zina kumbukumbu. Lakini mara nyingi zinachohifadhi ni vijineno vifupi, kwamba wewe ni fulani na unapenda uandikiwe kwa kifupi, au zinachungulia vipande vya chati za nyuma. Hiyo siyo skripti yako neno kwa neno. Na kumbukumbu hiyo inakaa kwenye akaunti yako, siyo ya mpiga picha. Ukitumia chati ya muda, nayo haihifadhiwi. Hata ndani ya chati moja, ikiwa ndefu kupita kiasi, zile meseji za mwanzo zinaweza kuachwa nje.

Wengine mtasema mashine ilipaswa kukiri kwamba haina kitu. Hapo nakubaliana nanyi. Apu inayojibu kwa kuomba ubandike kazi ya nyuma ni bora mara mia kuliko inayojaza pengo kwa uongo mtamu. Lakini aliyekaa na mwenyeji, akala asali yake na kukubali masharti, ni nani? Siyo apu. Ahadi ilikuwa ya mtu kwa mtu. Na kabla ya kuposti, mtu huyo huyo alisoma kwa mdomo wake habari za ng'ombe akiwa amesimama kwenye kambi isiyo na hata ndama!

Na dalili zilikuwepo. Kazi iliyoendelezwa kweli inagusa vitu ambavyo wewe pekee uliviweka. Sehemu zake nne zilikuwa na mzee mmoja na upinde wake, zikitoka kwake kwenda kwa wengine. Kuanzia ya tano, mzee kayeyuka, na hakuna sharti hata moja lililotajwa. Ukiona muendelezo umenyooka lakini hauna hata jambo moja la kwako, ujue umeandikiwa kitu kipya.

Dawa yake siyo ngumu. Kwanza, rudi kwenye chati ile ile, kwa akaunti ile ile, uendelee humo. Ikishindikana, usiandike "endelea". Bandika kazi yenyewe, kisha useme ilipofika, kama hivi: "Hii hapa ni skripti, sehemu ya 1 hadi 4. Anayesimulia ni mzee yule yule. Masharti: sura za watoto zisionekane, epeme isirekodiwe, mahali pa nyuki pasitajwe. Zimebaki sehemu 3, ya tano ni ya kurina asali. Kabla ya kuandika, orodhesha ulichonacho kwenye chati hii." Orodha ikikosa sharti moja, unaliona kabla halijamuumiza mtu.

Na hiyo inawezekana tu kama kazi umeihifadhi nje ya chati. Jitumie mwenyewe WhatsApp, au andika kwenye noti za simu na za mwenzako pia, kabla hujashuka sehemu ambayo chaji na mtandao ni bahati nasibu. Daftari la shilingi elfu moja nalo halihitaji bando.

Ndugu zetu wa Yaeda Chini wameshachoka kugeuzwa mapambo ya kurasa za watu. Ukienda kwao, ukapewa maneno na mipaka, vibebe. Huyu dada ashushe ile video, amrudie mwenyeji wake kwa heshima, na aache kusingizia simu.

Haya, team yake mpo? Tiririkeni hapo chini: mtoto yule sura yake imezagaa mjini mzima, kosa ni la mashine au la aliyebonyeza posti?