Ukapteni wa Timu Hauhusiani na Uchumi

Siku hizi wadogo zetu waliomaliza kidato cha sita wanatuletea maombi ya vyuo vya Uingereza tuwasomee kabla hawajatuma. Niliyoyasoma mpaka sasa yana ugonjwa mmoja: mwombaji anamwaga kila alichowahi kufanya nje ya darasa. Kiranja, kwaya, kapteni wa timu, klabu ya mazingira, mdahalo, JKT, kisha anafunga kwa kusema hayo yote yamemjengea uongozi, ushirikiano na kujiamini. Mimi nasema sehemu kubwa ya orodha hiyo ifutwe.

Siwalaumu. Hapa kwetu mfumo wa udahili haujawahi kutuuliza habari hizi. Unaomba chuo kwa pointi za tahasusi yako, na kama umezifikisha, hakuna anayetaka kujua uliimba sauti ya kwanza au ya pili. Mtu akikutana na swali hilo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na tisa, anakimbilia video za mtandaoni, na nyingi zinazungumzia Marekani. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Fomu ya Marekani inayoitwa Common App ina nafasi ya shughuli hadi 10, kila moja na maelezo mafupi ya herufi 150. Kule orodha imetengewa mahali pake. Uingereza unaomba kupitia UCAS, na UCAS haina jedwali la namna hiyo.

Kwa wanaoanza masomo mwaka 2026 na kuendelea, UCAS inauliza maswali matatu. Kwa nini unataka kusoma kozi hii? Masomo yako yamekuandaaje? Na la tatu, nje ya masomo umefanya nini kujiandaa, na kwa nini uzoefu huo una manufaa? Majibu yote matatu kwa pamoja hayatakiwi kuzidi herufi 4,000, na nafasi kati ya maneno zinahesabiwa. Kila jibu lisipungue herufi 350. Soma tena hilo la tatu. Halijauliza una vyeo vingapi. Limeuliza maandalizi ya kozi hiyo, na sababu.

Sasa piga hesabu. Maswali mawili ya kwanza ndiyo yanayobeba uzito wa kitaaluma, kwa hiyo la tatu ukilipa herufi 1,000 umelitendea haki. Kueleza shughuli moja vizuri, yaani ulifanya nini, uliona nini, na hicho ulichoona kinagusaje kozi, kunakula herufi 400 hivi. Maana yake una nafasi ya shughuli mbili, labda na kipande cha tatu. Ukiingiza saba, kila moja inabaki jina tupu.

Basi unachaguaje hizo mbili? Mimi natumia jaribio dogo. Chukua sentensi yako, futa jina la kozi, weka kozi nyingine kabisa. Kama ulisema ukapteni umekuandaa kwa uchumi kwa sababu ulijifunza kuongoza watu, weka uuguzi hapo. Inakubali. Weka uhandisi wa migodi. Inakubali tena. Sentensi inayokaa popote haijaunganisha chochote.

Nichukue mfano wa binamu yangu, anayeomba uchumi. Orodha yake ilikuwa na mambo saba. Kilichonishangaza ni kwamba mawili ya maana hakuwa ameyaandika kabisa, kwa sababu aliyaona ni mambo ya nyumbani: miaka miwili amekuwa akimwandikia mama yake daftari la kikoba, na kila likizo anauza kwenye duka la mjomba.

Nikamwambia anieleze daftari. Kikoba kina wanachama 22, hisa moja shilingi 5,000, mkopo hauzidi mara tatu ya akiba yako, riba asilimia 10 ya mkopo. Mwisho wa mwaka riba yote inagawanywa kwa hisa. Mwaka jana kila hisa ilipata shilingi 750. Akaniambia jambo ambalo lilikuwa likimsumbua. Kuna mama mmoja alikuwa na hisa 150 na hakukopa hata mara moja, akaondoka na faida ya 112,500. Mwingine alikuwa na hisa 60, akakopa laki sita mara mbili, Januari kwa ajili ya ada na tena Julai. Alilipa riba 120,000, mgawo wake ukawa 45,000. Kwa hiyo faida ya yule wa kwanza imetoka kwenye mifuko ya watu kama huyu wa pili, na bado huyu wa pili hataki kutoka kwenye kikoba, maana benki haitampa laki sita bila dhamana.

Huo ni uchumi, bwana! Ni swali la gharama ya mkopo, nani anaibeba na kwa nini anakubali. Mhadhiri wa uchumi akisoma hapo atatamani kuuliza swali la pili, na binamu yangu ana jibu kwa sababu daftari lilikuwa mkononi mwake. Duka nalo likaingia kwa sentensi mbili: wateja wanaonunua mafuta ya kula kwa kipimo kidogo wanalipa zaidi kwa lita kuliko anayebeba dumu. Zinakwenda pamoja na kikoba, kwa sababu zote mbili zinaonyesha mwenye kidogo akilipa zaidi.

"Dada, sasa ukapteni wangu unaenda wapi?" akaniuliza, uso umemshuka.

Nikamwambia hauendi popote, atacheza mpira hukohuko akifika. Kwenye fomu ya uchumi hauna kazi.

Ila jaribio hili lisitumike kibubusa. Kwenye udaktari, uuguzi na ualimu, kukaa na watu ni sehemu ya kazi yenyewe. Aliyemuuguza bibi yake miezi sita ana jambo la kusema, mradi aeleze alichokiona kwa mgonjwa na kwa wahudumu, asiishie kusema ana moyo wa huruma. Pia kumbuka kwamba maelezo hayo hayo ndiyo yanayosomwa na vyuo vyote ulivyochagua, ambavyo kwa kawaida havizidi vitano. Ukichanganya uchumi viwili na sheria vitatu, kikoba kitawafaa wale wa uchumi na wa sheria watabaki wakishangaa. Chagua kozi kwanza, shughuli zifuate.

Na jambo lisilounganika lisilazimishwe. Nimesoma mtu akidai kwaya ilimfundisha uhandisi wa majengo kwa sababu sauti nne hubebana kama nguzo. Hapana. Msomaji anaona pale pale kwamba kamba imevutwa. Afadhali mwombaji huyo angeeleza wiki tatu alizosaidia mafundi kumwaga zege nyumbani kwao na kwa nini walilimwagia maji siku kadhaa baada ya kumwaga.

Sisi tunaoomba shahada ya pili tutakutana na swali lilelile kwa sura nyingine, kila chuo na urefu wake. Ukiwa na orodha yako mbele, kwa kila jambo andika sentensi moja inayoanza na "niliona kwamba". Ambalo sentensi yake haiji, lipeleke kwenye wasifu. Na kabla hujafunga daftari, jiulize yako wapi yale uliyoyaacha kwa sababu ni kazi za nyumbani tu.