Kichwa cha Mtoto na Jina la Leso

Wako watu wanaoshikilia kwamba kukitoa kichwa cha mtoto katika picha moja na kukipachika katika nyingine ni kughushi tu, hata kama mtoto ni yule yule. Siafikiani nao. Kitenzi "kughushi" hubeba ndani yake nia ya kumhadaa mtu. Basi yatupasa kuuliza ni nani anayehadaiwa, na kwa jambo gani.

Tuchukue mfano wa familia moja ya Tiwi. Watu 11 wamejipanga asubuhi mbele ya mbuyu karibu na ufuo, bibi akiwa ameketi katikati. Mpiga picha amepiga picha 6 mfululizo. Katika picha ya 3 kila mtu anatazama kamera ila mjukuu wa miaka sita, aliyesimama mbele ya mama yake: yeye anamfuata kaa kwa macho. Katika picha ya 4 mtoto huyo anatazama barabara, lakini bibi amefumba macho. Iliyo kamili haipo.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Picha ya 4 huwekwa juu ya ile ya 3 katika kompyuta, kama karatasi mbili zilizolaliana. Kwa kuwa mkono wa mpiga picha hautulii kabisa, picha hizo hulinganishwa kwanza. Katika programu ya Photoshop amri yake ni Auto-Align Layers, iliyomo katika orodha ya Edit. Kisha picha ya juu hufichwa yote kwa barakoa, na kwa brashi laini fundi hufichua sehemu moja tu, yaani kichwa cha mtoto. Asifichue uso peke yake! Uso ukitazama mbele huku masikio na shingo vikielekea kwa kaa, kiumbe atakayepatikana atawatisha wenyewe. Achukue kichwa chote pamoja na shingo, mshono ujifiche katika ukosi wa shati. Mtoto akiwa amegeuza na mabega, mabega nayo yahamishwe.

Wanagenzi wengi hukata kwa kufuata ukingo wa nywele. Hilo ni kosa, kwani kichwa cha zamani hakikukaa mahali pale pale, na sikio lake la kwanza litachungulia nyuma ya kichwa kipya. Lililo bora ni kukichukua kichwa pamoja na kilicho nyuma yake. Kama nyuma kuna gome la mbuyu, mambo ni mepesi, maana mbuyu hautikisiki. Lakini nyuma ya mtoto wetu kuna leso ya mama yake, na upepo wa bahari haukungoja mtu. Baina ya picha ya 3 na ya 4 leso imepepea: ua la mji limesogea, mstari wa pindo umekatika, na katika jina la leso herufi moja imeandikwa mara mbili. (Mimi, kwa kazi yangu, huanza kusoma jina kabla ya kutazama nyuso, na hapo ndipo mshono hunifunulia siri yake.) Dawa ni kupanua eneo: mama naye achukuliwe kutoka picha ya 4, ikiwa ametoka vizuri, hadi mpaka ufike kwenye gome la mbuyu.

Mshono wa nguo uliwahi kuleta kishindo duniani. Tarehe 10 Machi 2024 Kasri la Kensington nchini Uingereza lilitoa picha ya Binti Mfalme wa Wales pamoja na watoto wake watatu. Mashirika ya habari, yakiwamo AP, Reuters na AFP, yaliiondoa, kwani ukingo wa mkono wa sweta ya Charlotte haukuungana sawasawa. Kesho yake mama huyo aliomba radhi, akisema alikuwa amejaribu kuhariri kama wafanyavyo wapiga picha wengi wasio wa kulipwa. Watoto walikuwa wake. Lakini picha ilikuwa imekabidhiwa magazeti, na msomaji wa gazeti huahidiwa kwamba alichokiona ndicho kilichoonwa na kamera.

Ukuta wa sebule ya Tiwi hautoi ahadi hiyo. Hiyo picha hujibu swali la nani walikuwapo siku ile, na mtoto alikuwapo, akatazama kamera sekunde chache baadaye. Ndiyo sababu ninaita kazi hiyo kuhariri. Kichwa kikitoka katika sherehe ya mwaka jana, au mtoto mwenyewe akiwa Mombasa siku hiyo, neno litabadilika, hata mshono uwe umefichika namna gani.

Ningetaka pia picha ya 3 ihifadhiwe kama ilivyo, na nyuma ya ile ya ukutani iandikwe kwa kalamu kwamba kichwa cha mtoto kimetoka picha ya 4. Huenda baada ya miaka 20 bibi, au yule mjukuu mwenyewe, akamtaka kaa wake.