Nyamiti na Bujo wakae meza moja

Katika semina zetu tunasikia mno: Nyamiti anasema hivi, kisha Bujo anasema vile. Muda unakwisha, wala hatujajua wanaachana wapi. Afadhali msemaji aanze na swali: Kristo anaitwa Mhenga kwa msingi gani? Hapo Nyamiti, katika kitabu chake cha 1984, anaanzia ndani ya Utatu Mtakatifu. Bujo anaanzia maisha na matendo ya Yesu, akielekea maadili. Swali la pili, mhenga anatudai nini, huwarudisha wote wawili mezani. Sehemu ikibaki na mwandishi mmoja tu, basi ni orodha ileile iliyovikwa kichwa kipya. Wasifu wao? Sentensi moja yatosha.