Neno la Mhariri: Kodi Ipimwe kwa Fungu la Pato

Mtu akiuliza kama kodi za Tanzania Bara zinambeba mnyonge, jibu analopewa mara nyingi ni jedwali la kodi ya mishahara. Mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hautozwi kitu. Kinachozidi hapo hutozwa asilimia 8, kisha 20, kisha 25, mpaka asilimia 30 kwa kila shilingi inayovuka milioni moja. Mwenye pato la kutozwa kodi la shilingi 400,000 hulipa 10,400, yaani asilimia 2.6 ya pato hilo. Mwenye milioni mbili hulipa 428,000, yaani asilimia 21.4. Hesabu hiyo ni sahihi na jedwali hilo ni la haki. Lakini linamhusu mwenye mshahara rasmi tu. Katika Kata ya Ilembo, Manispaa ya Mpanda, na katika sehemu kubwa ya Katavi inayoishi kwa mahindi, mpunga, tumbaku na uchimbaji mdogo wa dhahabu, watu wengi hawamo kabisa kwenye jedwali hilo. Hoja ya toleo hili ni kwamba haki ya mfumo wa kodi haisomwi kwenye viwango vilivyoandikwa. Inapimwa kwa kujumlisha kila kinachotoka kwa kila kundi la watu, kiwe kimeitwa kodi, ushuru au tozo, kisha kukigawa kwa pato halisi la kundi hilo. Fungu likiongezeka kadiri pato linavyokua, mfumo unamwelemea zaidi mwenye nacho. Likipungua, unamwelemea asiye nacho, hata kama jedwali linasema vingine.

Tuanze na mkulima. Ushuru wa mazao unaokwenda halmashauri ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5, na kiwango chake cha juu sasa ni asilimia 3 ya bei ya shambani. Asilimia 3 inaonekana ndogo, ila hutozwa kwenye mauzo yote bila kuangalia gharama. Tuchukue mfano wa mkulima anayeuza magunia 40 ya mahindi kwa shilingi 60,000 kila moja. Anapata 2,400,000. Mbolea, mbegu, vibarua na usafiri vimemgharimu 1,400,000, hivyo pato lake la mwaka ni milioni moja. Ushuru ni 72,000. Tukiongeza 18,000 za kodi ya jengo, zinazokatwa kidogo kidogo kila mwezi kupitia LUKU, amelipa 90,000, yaani asilimia 9 ya pato lake. Sasa bei ya gunia ianguke hadi 45,000 na gharama zibaki zilezile. Pato linashuka hadi 400,000, lakini ushuru na kodi ya jengo vinafika 72,000, yaani asilimia 18. Pato limepungua kwa zaidi ya nusu na fungu la kodi limeongezeka maradufu. Mwajiriwa anayepata 270,000 kwa mwezi, yaani 3,240,000 kwa mwaka, halipi hata senti ya kodi ya mshahara.

Mtu anaweza kusema kwamba kisheria ushuru wa mazao humhusu mnunuzi, basi si haki kumwandikia mkulima. Lakini anayekabidhi fedha kwa mtoza ushuru si lazima awe ndiye anayeumia. Mnunuzi anayejua atalipa asilimia 3 huiingiza kwenye bei anayotaja, na mkulima mwenye deni la mbolea na asiye na ghala hana nguvu ya kusubiri bei nyingine. Palipo na wanunuzi wengi wanaoshindana, au pale mazao yanapouzwa kwa pamoja kupitia ushirika, sehemu ya mzigo hubaki kwa mnunuzi. Kwa hiyo asilimia 9 na 18 za mfano wetu ni kikomo cha juu. Hata tukimwachia mkulima nusu tu ya ushuru, mwelekeo haubadiliki. Mwaka mbaya bado unamtoza fungu kubwa kuliko mwaka mzuri.

Upande wa juu nao, jedwali la mishahara linaficha jambo. Mtu binafsi anayepangisha nyumba bila kuiendesha kama biashara, akipata shilingi milioni 24 kwa mwaka, hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, na hesabu yake ya kodi huishia hapo. Mwenye mshahara wa kiasi hichohicho hulipa asilimia 21.4. Watu wawili wenye uwezo sawa wamelipa mafungu tofauti kwa sababu ya mlango ambao pato limepitia, na yule anayelipa kidogo ndiye mwenye mali. Kwa gawio la hisa ni lazima tuwe waangalifu zaidi. Kampuni iliyo kwenye soko la hisa la Dar es Salaam hukata asilimia 5 tu ya gawio, lakini faida iliyolizaa ilikwishatozwa asilimia 30. Katika kila shilingi 100 za faida, 30 zimekwenda kwanza, kisha 3.50 kutoka kwenye 70 zilizobaki. Anayetaja asilimia 5 peke yake anadanganya sawa na anayetaja jedwali la mishahara peke yake.

Kuna pingamizi kwamba matajiri ndio wanaochangia sehemu kubwa ya mapato ya TRA. Hilo linaweza kuwa kweli na bado lisithibitishe chochote. Kundi lenye nusu ya pato lote la nchi likilipa nusu ya kodi yote, kila kundi limetoa fungu lilelile, na hakuna lililobebwa. Pingamizi zito zaidi linahusu kodi ya ongezeko la thamani. Wengi wetu tumezoea kuisema kuwa ni kodi ya maskini, kwa sababu maskini hutumia karibu kila anachopata. Utafiti wa Pierre Bachas, Lucie Gadenne na Anders Jensen katika nchi 32 zinazoendelea unatutaka tupunguze sauti. Maskini hununua zaidi sokoni, gengeni na kwenye duka dogo lisilosajiliwa, hivyo sehemu ndogo ya matumizi yake hukutana na kodi hiyo moja kwa moja. Kodi iliyolipwa na wauzaji wa juu hubaki ndani ya bei ya sabuni na sukari, lakini mzigo ni mwepesi kuliko asilimia 18 inavyotangaza. Kipimo cha mafungu kinaipunguzia hatia kodi hiyo kama kinavyoutia hatiani ushuru wa mazao. Anayekikubali hana budi kukubali majibu yake yote mawili.

Mwisho wapo wanaosema kodi isipimwe bila matumizi, maana fedha hurudi kwa njia ya shule, zahanati na ruzuku. Stephen Younger, Flora Myamba na Kenneth Mdadila walipochambua takwimu za bajeti za kaya za Tanzania za 2011/12, waliona kwamba kodi na matumizi kwa pamoja vinapunguza pengo la kipato. Lakini ukihesabu fedha taslimu peke yake, baadhi ya kaya maskini hubaki maskini zaidi kuliko kabla ya kutozwa. Darasa la mtoto halinunui unga mwezi wa njaa. Hesabu zote mbili zifanywe, kila moja kwenye safu yake, ili faida ya moja isitumike kuficha hasara ya nyingine.

Tunachodai kinawezekana ndani ya halmashauri yoyote. Taarifa ya mapato isiishie kuonyesha kila chanzo kimeingiza kiasi gani. Ionyeshe pia mkulima mdogo, mchuuzi, mwajiriwa na mwenye nyumba za kupangisha wametoa fungu gani la pato lao, katika mwaka mzuri na katika mwaka mbaya. Na ushuru wa mazao uwe na kiwango cha chini cha mauzo kisichoguswa, kama ulivyo mshahara wa 270,000.